Majembe Yabaki, Wanafunzi Wahame

Darasa la wanafunzi 40 linaweza kumaliza somo zima la kilimo kwa vitendo likiwa na majembe matano tu. Walimu wengi hawaliamini hilo wanapolisikia mara ya kwanza, na si ajabu: kilio chao cha kila muhula ni upungufu wa zana, na njia iliyozoeleka ni kumwagiza kila mtoto aje na jembe la kwao. Watoto wanakuja nayo kweli. Moja limelegea mpini, jingine limeazimwa kwa bibi na lazima lirudi jioni, jingine ni jembe la palizi lililolika hadi likabaki kama kijiko. Asubuhi hiyo majembe 40 yanapita getini mabegani mwa watoto wanaosukumana.

Kinachofuata shambani anakikumbuka karibu kila aliyesoma shule zetu. Darasa zima linapewa kazi moja, tuseme kulima, mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Wenye nguvu wanaanza, wachovu wanasogea mwembeni, wawili wanashindana nani atainua jembe juu zaidi, na mwalimu anahangaika huku na huko sauti ikimkauka. Kengele inalia nusu ya eneo ikiwa imelimwa. Waliofanya kazi wamejifunza kulima, jambo ambalo wengi wao wanalifanya nyumbani tangu wakiwa wadogo. Waliokaa kivulini hawakujifunza hata hilo.

Tiba inayopendekezwa siku zote ni kugawa darasa katika makundi na kuyapokezanisha kazi. Ushauri ni mzuri, ila ukipelekwa shambani bila maandalizi unavunjika ndani ya dakika kumi. Darasani makundi manne yanaweza kufanya mambo manne tofauti kwa sababu hakuna kundi linalosubiri jingine. Shambani kazi zinafuatana. Hupandi kabla ya kusawazisha, husawazishi kabla ya kutia samadi, na samadi huitii kwenye ardhi ambayo haijalimwa. Kundi la tatu litapanda wapi, ikiwa kundi la kwanza ndiyo kwanza linainua jembe?

Jibu limo kwenye ardhi yenyewe. Shamba linagawanywa mapema, na vipande vyake vinaanzishwa kwa kupishana, ili siku ya somo kila hatua ya kilimo iwe na kipande chake kinachoisubiri.

Tuchukue Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari ya kata: wanafunzi 40 wa miaka 13 na 14, mwalimu mmoja, vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40 kila kimoja. Zao ni mchicha, kwa sababu huota ndani ya siku tatu hadi tano na huweza kung'olewa kuanzia wiki ya nne, kwa hiyo darasa linaona mwanzo na mwisho ndani ya muhula mmoja. Shamba lina vipande vinne, na kila kipande kina matuta manne, yaani tuta moja kwa kila kundi la wanafunzi kumi. Tuta lina urefu wa mita 10 na upana wa mita moja, upana ambao mtoto akichuchumaa pembeni anafika katikati bila kukanyaga ndani. Kati ya tuta na tuta kuna njia ya nusu mita. Ukijumlisha vipande vyote vinne unapata eneo linalokaribia nusu ya uwanja wa netiboli.

Wiki ya kwanza darasa linalima kipande cha kwanza peke yake. Wiki ya pili kile cha kwanza kinatiwa samadi na cha pili kinalimwa. Wiki ya tatu cha kwanza kinapandwa, cha pili kinatiwa samadi, cha tatu kinalimwa. Wiki ya nne ndiyo inayosubiriwa. Kipande cha kwanza kina miche ya wiki moja, cha pili kiko tayari kupandwa, cha tatu kinangoja samadi, na cha nne bado ni ardhi ngumu. Siku hiyo kuna vituo vinne vya kazi halisi, na hakuna kundi linalomngoja mwenzake. Wiki tatu za mwanzo ni za mafunzo: mwalimu anaonyesha kazi moja baada ya nyingine, taratibu, kwa darasa zima. Kwa hiyo inapofika wiki ya nne hakuna kituo ambacho wanafunzi hawakijui.

Kuanzia hapo zana zinakaa kituoni na wanafunzi ndio wanaohama. Majembe matano hayatoki kipande cha nne, reki na mabeleshi hayatoki kipande cha tatu. Faida ya kwanza ni ya muda. Faida kubwa zaidi ni ya usalama, kwa sababu wakati wa hatari shambani si wakati wa kulima peke yake. Ni pale watoto wanapotembea na majembe wakiwa wamelegea na kupiga soga. Mtu mzima hubeba jembe begani, na watoto huiga. Lakini jembe likiwa begani mwa mtoto, ubao wake uko usawa wa uso wa mwenzake aliye nyuma, na mbebaji akigeuka ghafla kuitika jina lake, jembe linageuka naye. Zana zikitulia kituoni, safari za majembe zinabaki mbili tu: kutoka stoo asubuhi na kurudi mwisho wa somo. Safari hizo zinafanywa na wanafunzi watano, kwa mstari, kila mmoja ameshika mpini karibu na kichwa cha jembe, mkono umenyooka chini na makali yameelekea mbele.

Kabla ya hapo, jioni ya kuamkia somo, kila jembe linakaguliwa, na ukaguzi huu mwalimu asimwachie mtu mwingine. Jembe huua kwa kichwa chake kuchomoka. Kulijua lililolegea ni rahisi: lisimamishe wima kichwa kikiwa juu, gonga ncha ya mpini kwenye sakafu ya saruji mara tatu, kisha sikiliza na utazame. Lililokazika hutoa mlio mmoja mzito. Lililolegea hutoa mlio wa kugongana, chuma na mti, na ukilishika kichwa na kulitikisa unahisi kinacheza. Watu wengi huliponya kwa kulilaza ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Mti hunyonya maji, hufura, na asubuhi jembe linabana kama jipya. Hiyo ndiyo dawa inayodanganya kuliko zote, maana jua la saa nne likishapiga, mti hukauka, husinyaa na kuwa mwembamba kuliko jana, na kichwa huanza kucheza mkononi mwa mtoto ambaye asubuhi alihakikishiwa kwamba jembe ni zima. Dawa ya kweli ni kabari ya mti mgumu uliokauka vizuri, igongomewe juu ya tundu, kisha majaribio ya sakafu yarudiwe. Msumari usitumike badala ya kabari. Unabana leo lakini unapasua mpini, na ufa huo haukai mahali pamoja.

Mpini wenyewe upitishwe kiganja kutoka juu hadi chini. Penye vibanzi pasuguliwe kwa msasa, kwa sababu mtoto mwenye kibanzi kidoleni hulegeza mkono mmoja, na jembe la mkono mmoja halijui liendako. Urefu nao una maana: likisimamishwa, jembe la mtoto wa miaka 13 lisimpite kifua. Yakibaki mazima manne badala ya matano, kituo kinaendeshwa kwa manne. Kulijaza pengo kwa jembe bovu ni kosa ambalo hakuna ratiba inayoweza kulitetea.

Kwa nini matano? Hesabu inaanzia kwenye nafasi. Anayelima anahitaji mita mbili za upana kwa ajili yake mwenyewe, na mbele na nyuma yake pasiwe na mtu kwa umbali wa mita tatu. Tuta la mita 10 kwa hiyo linabeba walimaji watano. Hata ukiwa na majembe 20 stoo, wa sita amezidi. Watano hawa wanasimama kwenye ukingo mmoja wa tuta, wakitazama upande mmoja, na vigingi vilivyofungwa vitambaa vinaonyesha mpaka wa kila mmoja. Kutazamana hairuhusiwi kabisa.

Kundi lina watu kumi, kwa hiyo kila mlimaji ana mwenzake. Mwenzake huyo anakaa nyuma ya kamba iliyofungwa mita tatu kutoka ukingoni. Kituo kimepewa dakika 13: wa kwanza analima dakika sita, majembe yanalazwa chini, wote kumi wanaingia tutani kwa dakika moja kuokota mawe na vikonyo vya ndago, kisha wa pili analima dakika sita. Ile dakika moja ya katikati ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Ndago huota upya kutoka kwenye vijiazi vyake vya chini, na jembe likivitawanya bila kuviokota, wiki tatu baadaye tuta linakuwa la ndago na mchicha ni mgeni. Pia ndiyo dakika pekee ambayo mtu anaingiza mkono kwenye udongo unaolimwa, na inaruhusiwa kwa sababu majembe yote yamelala.

Katika dakika hizo kila jozi inamaliza mita mbili za mraba, kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, ikiwa udongo una unyevu. Udongo ukiwa mkavu jembe linadunda, mtoto anaongeza nguvu, anainua juu zaidi, na hapo ndipo makali yanapotua kwenye mguu. Kwa hiyo ikiwa mvua haijanyesha, kipande cha nne kinamwagiliwa jioni iliyotangulia. Jembe haliinuliwi kupita bega, miguu imeachana, na kila mmoja amevaa viatu vya kufunika vidole. Kandambili zinateleza na haziukingi mguu. Asiye na viatu hakai bure wala hafukuzwi: anakuwa karani wa kituo hicho, na viatu vya akiba vikipatikana anaingia zamu ya pili.

Sasa ratiba yenyewe. Vipindi viwili vya kwanza, saa 2:00 hadi saa 3:20 asubuhi, ndivyo vinavyofaa, na mwalimu mkuu aombwe kubadilishana na somo jingine ikibidi. Kuwapeleka watoto kulima saa sita mchana ni kuwatafutia maumivu ya kichwa. Dakika 10 za mwanzo zinatumika shambani, darasa limesimama, mwalimu akionyesha mambo mawili tu: jinsi ya kulaza jembe makali yakiwa yametazama udongo, na maana ya filimbi. Mlio mmoja ni simama, laza zana. Milio miwili ni hama. Filimbi ijaribiwe kweli, mara moja, kabla ya kazi kuanza, kila mtu akiwa na kitu mkononi. Halafu zamu nne za dakika 13, ambazo ni dakika 52, na kati ya zamu na zamu dakika mbili za kuhama, jumla sita. Zinabaki dakika 12 za kuosha zana, kuhesabu, kunawa na kuandika. Jumla 80. Kwenye maandalio mengi ya somo dakika 12 hizo hazimo kabisa. Matokeo yake zana zinarudi stoo na matope, na wanafunzi wanaingia kipindi cha hisabati mikono ikinuka samadi.

Makundi yanahama kwa kufuata mzunguko wa saa, yakipita nje ya vipande, kamwe si katikati ya kituo cha majembe. Mwalimu hazunguki sawasawa. Anasimama kwenye kituo cha majembe zamu zote nne, pembeni, mahali ambapo akiinua macho anaviona vituo vingine vitatu. Vituo hivyo vinaongozwa na viongozi wa makundi wenye kadi ya maelekezo ya mistari minne au mitano, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye kigingi. Mwalimu anayependa kuonekana kila mahali atakuwa mbali wakati ambapo uwepo wake ulihitajika.

Kituo cha samadi kina reki mbili, mabeleshi mawili, toroli moja na ndoo za lita 10. Kipimo ni ndoo moja kwa kila mita ya mraba, yaani ndoo 10 kwa tuta la kundi. Inamwagwa, inasambazwa, inachanganywa na udongo wa juu, kisha tuta linasawazishwa kwa reki. Swali la kwanza la kituo ni kama samadi imeiva. Mwanafunzi anachomeka kijiti kirefu ndani ya lundo, anakiacha dakika chache, anakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, samadi bado inachemka, na mbegu zikipandwa humo zinaungua au zinaota kwa kusuasua. Iliyoiva ni ya baridi, nyeusi, inamung'unyika, na hunusi tena harufu ya zizi. Iliyo mbichi huja pia na mbegu za magugu na vimelea vya matumbo, kwa hiyo ikionekana haijaiva kituo kinageuka kuwa cha kugeuza lundo na kulitilia maji, na tuta linasubiri wiki nyingine.

Reki ndiyo zana inayodharauliwa, na meno yake hujeruhi kwa namna mbili. Ikilazwa meno juu, anayeikanyaga anachomwa unyayo, na mpini unaruka kumpiga usoni. Meno yatazame chini, kila mara, hata kama imewekwa kwa sekunde kumi. Hapa kuna jambo la kiafya ambalo halionekani kwa macho: bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na kidonda kidogo cha kuchomwa, kirefu na chembamba, ndicho wanachokipenda. Mwenye kidonda mkononi anakifunga kabla ya kuingia kituo hiki, au anapewa kalamu badala ya beleshi. Anayechomwa siku hiyo anaoshwa kwa maji mengi safi na sabuni, jeraha linabanwa kwa kitambaa safi hadi damu ikate, kisha anapelekwa zahanati siku hiyo hiyo akaulizwe kuhusu chanjo yake ya pepopunda. Kidonda kinaweza kuonekana cha mchezo. Aende tu.

Kituo cha kupanda ndicho kinachowapendeza watoto na ndicho kinachoharibika kwa urahisi zaidi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno: gramu moja ina zaidi ya mbegu elfu moja. Ukimpa mtoto mbegu kavu kiganjani anamwaga nusu yake kwenye sentimita 30 za kwanza, na nyingine inapeperuka. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinachanganywa na vikombe viwili vya mchanga mkavu, na mchanga huo ndio unaopandwa. Kwa kamba na kijiti wanachora mifereji minne kwenye urefu wa tuta, sentimita 20 kati ya mfereji na mfereji, kina kisichozidi sentimita moja. Kwenye kijiti chenyewe pamefungwa uzi mwekundu sentimita moja kutoka ncha, na uzi usizame. Mchanganyiko unagawanywa sehemu nne zilizo sawa kabla mtu hajaanza, ili mfereji wa mwisho usikose. Watu wawili kwa mfereji, wanaanza ncha mbili na kukutana katikati. Udongo laini unafunika kidogo tu, kisha wanaweka nyasi kavu juu na kumwagilia kwa keni yenye kichungio. Kumwaga kwa ndoo kunaihamisha mbegu yote ikalundikana mwisho wa tuta.

Nyasi hizo zina mtego. Zinahifadhi unyevu hadi mbegu ziote, lakini zisipoondolewa miche inapochomoza, siku ya tatu hadi ya tano, inarefuka ikitafuta mwanga, inakuwa myembamba na ya manjano, na siku nyasi zikitolewa inalala chini yote. Kazi hiyo haiwezi kusubiri somo la wiki ijayo. Lazima andalio la somo litaje kundi litakalokwenda kukagua kila asubuhi kabla ya paredi, na jina la kiongozi wake.

Kituo cha nne kina miche ya wiki moja, na kiongozi wake ana kazi moja ngumu: kuwazuia wenzake wasipalilie. Katika umri huo mchicha na mchicha pori vinafanana, na mikono yenye shauku hung'oa vyote viwili. Wanachofanya ni kumwagilia na kuhesabu. Maji ni lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku isiyo na mvua, maana yake lita 50 kwa tuta, nusu asubuhi na nusu jioni. Kisha wanaweka kamba ya mita moja kwenye mfereji, mahali patatu tofauti, wanahesabu miche na kutafuta wastani. Kundi lililopanda kwa mkono mzito linaona namba zake zikipanda na kushuka, tuseme 160, 20 na 95, wakati jirani ana 90, 80 na 85. Hakuna haja ya mwalimu kumsema mtu. Kazi ya kupunguzia miche itakuja wiki inayofuata, na kundi la kwanza litakuwa na mengi ya kung'oa.

Kila kundi linapohama, linakabidhi. Kiongozi anayetoka anataja kwa sauti: majembe matano. Anayeingia anayaona yamelala kwenye mstari wao, anahesabu, anaitika: matano, nimepokea. Kila zana ina namba ya rangi kwenye mpini, na karani anaweka alama daftarini. Inachukua nusu dakika. Makabidhiano haya yanazidi kwa mbali hesabu ya mwisho wa somo, kwa sababu reki iliyopotea inajulikana ndani ya dakika 13, wakati bado iko kwenye nyasi palepale na kabla mguu wa mtu haujaipata. Isipopatikana, milio ya kuhama haipigwi.

Mapanga na mafyekeo hayamo kwenye mzunguko huu. Fyekeo linarusha mawe, na anayelizungusha haoni kilicho nyuma yake. Nyasi zifyekwe siku iliyotangulia na mtu mzima. Dawa za wadudu nazo hazimo, hata za kunyunyizia kidogo, hata kama mwanafunzi anasema nyumbani ndiye anayepiga.

Mgawanyo wa makundi unahitaji jicho la peke yake. Ukiwaacha wajipange, utapata kundi la marafiki wanaocheka na kundi la waliobaki. Na ukiacha kazi zijigawe, wavulana watakuwa kwenye majembe na wasichana kwenye ndoo za maji, kama nyumbani. Zamu inaondoa hilo kati ya kundi na kundi, lakini ndani ya kundi mvulana mwenye misuli anaweza kulishika jembe dakika zote 13 huku wenzake wakimshangilia. Jozi za dakika sita zimewekwa kwa ajili yake. Mwalimu pia aulize mapema, faraghani, nani ana pumu, nani ana kifafa, nani hajisikii vizuri siku hiyo. Kazi ya karani ipo kila kituo, na anayepewa haulizwi sababu mbele ya wenzake.

Kuna jambo moja linaloharibu somo hili kabla halijaanza, nalo liko nje ya andalio. Shule nyingi bado zinatumia jembe kama adhabu: aliyechelewa akalime, aliyezungumza darasani akalime. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliliona shamba la shule kama sehemu ya masomo, na alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo yake. Sioni jinsi mwanafunzi aliyelima Jumatatu kwa kosa la kuchelewa atakavyolishika jembe hilohilo Jumatano kwa moyo wa kujifunza. Anachokitafuta ni njia ya kumaliza haraka, na haraka ndiyo inayokata vidole.

Darasa la watu 80, ambalo ni la kawaida katika maeneo mengi, halibebwi na mpango huu kwa kuongeza makundi yawe ya watu ishirini. Nafasi ya kituo cha majembe haikui. Linagawanywa nusu kwa nusu: 40 shambani, 40 darasani wakiwa na mwalimu mwingine na namba za wiki iliyopita, wanachora grafu ya miche na kukokotoa maji yatakayohitajika, kisha wiki inayofuata wanabadilishana. Mwalimu mwingine asipopatikana, somo la vituo vinne halifanyiki wiki hiyo. Yafanyike maonyesho ya kazi moja.

Na mzunguko kamili haudumu muhula mzima. Wiki ya tano vipande vyote vinne vimeshalimwa, na kituo cha majembe hakina ardhi mpya. Mwenye nafasi na maji ya kutosha afungue vipande vitatu zaidi: vikifika saba, kile cha kwanza kinakuwa kimevunwa na kiko tayari kulimwa tena wiki ya nane. Asiye na nafasi ageuze kituo hicho kuwa cha mboji, akitumia magugu na ndago zilizokaushwa juani hadi zikafa kabisa. Lundo linageuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na zana yake ni uma. Uma una meno marefu kuliko reki, kwa hiyo walimaji watano wanapungua wawe wawili, wengine wanane wanakatakata majani makavu na kubeba maji. Sheria ya mita tatu inabaki vilevile, na kamba haifunguliwi.